Kabla Hujalipia IP Isiyobadilika, Tafuta Jina

Wasee wengi wakisikia seva ya VPN ya nyumbani, swali la kwanza ni: si lazima ulipie kampuni ya intaneti IP isiyobadilika? Zii. Mimi situmii. Video zangu zote ziko kwenye diski ndani ya bedsita Nairobi, na nikiwa na kazi Kisumu nazifikia kupitia WireGuard iliyo kwenye Raspberry Pi, karibu na ruta. Stima ikipotea na kurudi, ruta inapewa anwani mpya. Jana ilikuwa 203.0.113.20, leo ni 203.0.113.87 (hizi ni za mfano tu, usizijaribu). Simu yangu haifai kukumbuka nambari. Inafaa kukumbuka jina.

Lakini kabla ya jina, angalia kitu kimoja. Ingia kwenye ruta usome anwani yake ya upande wa nje, ile imeandikwa WAN. Kisha kwenye kompyuta ya hapo nyumbani andika `curl ifconfig.me`. Zikifanana, uko sawa. Zikitofautiana, na ile ya ruta inaanza na 10, ama iko kati ya 100.64 na 100.127, basi kampuni yako imeweka nyumba nyingi nyuma ya anwani moja. Hapo jina halitakusaidia hata kidogo, kwa sababu litaelekeza kwa mlango wa kampuni, na mlango huo hauna habari na Pi yako. Hapo tu ndipo naona kulipa kuna maana: omba anwani ya umma, ama ukodishe seva ndogo nje iwe mahali pa kukutania. Hata ukipewa anwani ya umma inayobadilika, inatosha.

Kama zimefanana, jina ni la bure. Mimi natumia DuckDNS. Unachagua jina, unapewa tokeni, halafu Pi inapiga hodi kila dakika 5. Andika `crontab -e`, uweke mstari huu:

```
*/5 * * * * curl -s -o /tmp/duck.log "https://www.duckdns.org/update?domains=jinalako&token=TOKENI&ip="
```

Hapo kwa `ip=` acha wazi, wao wenyewe wataona umetoka anwani gani. Fungua `/tmp/duck.log`: ikisema `OK` imekubali, ikisema `KO` tokeni ama jina lina makosa. Hiyo tokeni usiiposti mahali. Mwenye nayo anaweza kuelekeza jina lako kwake. Hataingia kwa VPN yako, maana hana funguo zako, lakini atakufungia nje ya nyumba yako mwenyewe.

Kwenye ruta, elekeza poti 51820 ya UDP kwa Pi. Kwenye simu na laptopu, weka jina mahali palipokuwa na nambari:

```
Endpoint = jinalako.duckdns.org:51820
```

Watu wengi huachia hapo, halafu siku stima inapotea wanaanza kutusi DuckDNS. Mwizi si huyo. WireGuard huuliza jina mara moja tu, wakati unaiwasha. Ikishapata nambari, inashika hiyo hiyo. Kwa hivyo jina limeshahama kitambo, lakini laptopu bado inabisha kwa nyumba ya zamani, na haikuambii kuna shida. Wewe unaona tu faili hazifunguki.

Nikiwa Kisumu hii ilinipata, katikati ya kuvuta video ya mteja. Kujua ni hii shida si kazi. Kwenye laptopu ya Linux unaandika mambo mawili:

```
nslookup jinalako.duckdns.org
sudo wg show wg0 endpoints
```

Ya kwanza ilileta 87, ya pili bado 20. Hiyo ndiyo dalili. Zote mbili zingeleta 20, basi shida ingekuwa nyumbani: Pi haijawaka, ama haijatuma taarifa. Na stima ikirudi, ipe ile kazi ya cron dakika zake 5 kabla ujaanza kulaumu mtu.

Kwa simu, dawa ni kuzima WireGuard na kuiwasha tena. Kwa laptopu, kuna skripti inaitwa `reresolve-dns.sh` inayokuja na wireguard-tools, kwenye mifano yake. Inaangalia kama laptopu na seva hazijasalimiana kwa zaidi ya sekunde 135, na kama ni hivyo, inauliza jina upya. Iweke kwa cron ya root kila dakika, ukiipa jina `wg0`. Tangu niiweke, ruta ikibadilisha anwani nagundua tu kwa kuwa video imesimama kidogo, kisha inaendelea.