Thabai Ilivyosingiziwa

Niliyatunza haya kwa muda mrefu kwa kuwa yanahusu ngozi yangu, na ngozi ya mtu si jambo la kuandikwa jaridani. Lakini kisa chenyewe kina neno la Kiswahili ndani yake, neno nililolitumia vibaya kwa miaka mitatu, na aliyeumia kwa matumizi hayo si mimi bali nyanya yangu.

Ilikuwa Desemba 2016, nyumbani Wamagana, siku ya kupokea mahari ya binamu yangu. Wageni walikuwa wamepanda kutoka Nyeri mjini tangu asubuhi, mbuzi wawili walikuwa wamechomwa, na nyanya alikuwa amepika mukimo wa thabai. Kwa msomaji asiyetoka pande zetu, thabai ni ule mmea wenye vinywele vinavyochoma, unaoota kandokando ya mito na nyuma ya mazizi. Huvunwa kwa uangalifu, ukachemshwa, kisha ukapondwa pamoja na viazi na mahindi. Nilikuwa nimeteguka kifundo cha mguu siku iliyotangulia. Mnamo saa saba na nusu nikameza vidonge viwili vya ibuprofeni nilivyonunua dukani. Saa nane tukala.

Ilipofika saa tisa kasorobo viganja vilianza kuniwasha. Mwasho ukahamia kiunoni, pale ukanda unapobana, na nilipofunua shati nikaona mabaka mekundu yaliyovimba, mengine ukubwa wa shilingi, mengine yameungana yakawa kama ramani. Mdomo wa juu ukafura. Nilikimbizwa kwenye kituo cha afya, nikadungwa sindano, nikakalishwa mpaka jioni. Niliulizwa nimekula nini. Nilipotaja thabai, kila mtu chumbani aliitikia kwa kichwa, na kadi yangu ikaandikwa kwamba nina mzio wa thabai.

Nani angebisha? Thabai huchoma. Hata jina la kitabibu la mabaka hayo, urtikaria, limetokana na neno la Kilatini la mmea wa jamii hiyo hiyo. Wala jina halikutolewa ovyo: vinywele vya thabai mbichi hupenyeza ngozini maji yenye histamini, na histamini hiyo hiyo ndiyo inayofanya mabaka yafure inapomwagwa na mwili wenyewe. Chini ya ngozi zimetapakaa seli ziitwazo masti, zilizosheheni vifuko vya histamini. Zinapopasua vifuko hivyo, mishipa midogo ya damu huvuja maji, ngozi ikainuka na kuwasha. Tofauti ni kwamba thabai ikishachemshwa vinywele vyake hulegea na hawezi tena kumchoma mtu. Hilo nyanya alilijua, akalisema. Hakuna aliyemsikiliza.

"Mjukuu wangu, umekula thabai yangu tangu ulipoota meno," aliniambia. "Leo ndiyo imekuchukia?"

Nikamjibu kisomi kwamba mzio huweza kuzuka wakati wowote. Kauli hiyo ni kweli, na ndiyo maana ilikuwa hatari. Tangu siku hiyo alinipikia sufuria ya pembeni, na punde si punde akaacha kuvuna thabai kabisa, akihofu kijiko kisije kikachanganya. Majirani nao walianza kumwuliza anaoshaje mboga zake.

Mei 2019, wakati wa mitihani, jino liliniuma. Saa moja jioni nilikula ugali na kabichi, chakula changu cha kila siku. Saa mbili nikameza kidonge cha diklofenaki nilichopewa na mwenzangu. Saa tatu na nusu nilikuwa najikuna mbele ya kioo. Tabibu niliyemkuta zamu usiku ule alikuwa mzee mpole asiyekuwa na haraka. Kwanza alitazama koo, akasikiliza kifua, akapima shinikizo la damu. Maana mabaka yakifuatana na kukoroma kifuani, sauti kukauka, kutapika au kuzirai, hapana wakati wa maswali: ni sindano ya adrenalini kwenye paja, mara moja. Mimi sikuwa na dalili hizo. Akanipa kidonge cha setirizini, akavuta kiti. Swali lake la kwanza lilikuwa la maneno mawili tu.

"Kila mara?"

Sikumwelewa. Akafafanua kwamba mzio wa kweli una kumbukumbu. Mwili umekwisha kutengeneza kingamwili mahususi dhidi ya kitu kimoja, nazo zimekaa juu ya zile seli za masti zikikingoja. Kitu hicho kikiingia, hata kwa kiasi kidogo, huzigusa, na mabaka hutokea, aghalabu kati ya dakika chache na saa mbili. Kikija kesho, yatatokea tena. Kwa hiyo aliniuliza: mbuzi nilimla tena baada ya 2016? Mara nyingi. Viazi na mahindi? Kila juma. Ugali na kabichi vya leo? Jana pia, bila tatizo. Thabai? Hapo nikanyamaza, kwa kuwa sikuwahi kuijaribu tena. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza siku ya mahari: katika saa sita kabla ya mabaka, nilimeza nini kisichokuwa chakula?

Dawa hizo mbili hazifanani kwa umbo lake la kikemia, lakini hufanya kazi moja: huzuia kimeng'enya kinachotengeneza vichochezi vya maumivu. Kwa watu wachache, kuzibwa kwa mkondo huo huugeuza mwingine, na vitu vinavyofurika huko huzisukuma seli za masti zimwage histamini. Hapana kingamwili hapo, wala hapana kumbukumbu. Ndiyo sababu dawa mbili tofauti zilinidhuru kwa namna moja, na ndiyo sababu pia kipimo cha kuchoma ngozi hakingeonyesha kitu: kipimo hicho hutafuta kingamwili. Hata kwa chakula, alisema, kipimo kikionyesha kingamwili bila mtu kuwahi kudhurika, huo bado si mzio.

Hapa mwanafunzi wa lugha ndani yangu aliona haya. Neno aleji lilizaliwa Vienna mwaka 1906, pale daktari wa watoto Clemens von Pirquet alipounga maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya tofauti na kazi. Yeye alikusudia badiliko lolote la jinsi mwili unavyoitika, la heri au la shari. Mzio wetu ni mwembamba zaidi. Kabla ya kuazimwa na matabibu, ulikuwa jirani wa mwiko: kitu maalumu ambacho mtu fulani hujiepusha nacho kwa sababu kinamdhuru. Hakudhuriki leo akapona kesho. Maana hiyo ya zamani ilitosha kuniuliza swali la tabibu, nami nilikuwa nayo kwenye kamusi mezani.

Tabibu hakuniruhusu kwenda kujijaribu nyumbani, kwa kuwa mdomo uliwahi kufura. Baada ya majuma matatu bila dawa za maumivu nilirudi na thabai iliyopikwa, ndani ya chombo cha plastiki. Nilikula kijiko kimoja, nikangoja, kisha vitatu, kisha sahani. Nikakaa saa mbili nyingine karibu na muuguzi. Ngozi ikatulia. Kadi yangu sasa ina jina la kundi la dawa, na maumivu nayatibu kwa parasetamoli kwa kipimo cha kawaida, aliyonijaribia hapo hapo.

Agosti nilipanda gari la Wamagana. Nilimweleza nyanya yote: seli, vifuko, kimeng'enya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga leso yake vizuri.

"Kwa hiyo ni vile vidonge."

"Ndiyo, shosho."

"Na miaka mitatu nimekuwa nikishtakiwa mimi."

Kisha akachukua glavu zake kuukuu na kisu, akateremka mtoni.