Daftari la Miraba

Mwaka 2008 bonde letu lote la Ilula liliiva kwa pamoja. Wenye vinyungu karibu wote walikuwa wamesia mbegu mwezi Mei, mara mvua zilipokatika na maji ya bondeni yakawa ya kuaminika, na sisi tulifanya hivyo hivyo. Baba alikuwa na robo eka nne zilizofuatana kando ya kijito, akazipanda zote kutoka kitalu kimoja. Septemba ilipofika, barabara kuu iendayo Mbeya ilikuwa nyekundu pande zote mbili. Tenga ambalo Agosti liliuzwa shilingi 15,000 tulilitoa kwa 5,000, tena la lumbesa, nyanya zimepanda juu ya mdomo wa boksi kama kichuguu. Wiki tatu baadaye bei ilirudi juu, ila sisi tulikuwa hatuna hata ndoo moja.

Mama hakusema mengi. Alikuwa na mteja wake, mama mmoja aliyeuza Soko la Ilala, Dar es Salaam, ambaye kila wiki alikodi nafasi kwenye lori. Siku ya mchumo wa mwisho yule mama alimwambia, "Dada yangu, nyanya zako nzuri, lakini mimi nakula kila wiki. Nikikukosa wiki tatu, itabidi nitafute mwingine." Jioni ile Mama akaniita. Nilikuwa naingia darasa la sita, na nilikuwa na daftari la hesabu la miraba ambalo nilikuwa sijalianza.

Alitaka kila mraba uwe wiki moja, na kila mstari uwe robo eka moja. K ilikuwa kitalu, S shambani, M mchumo. Alinitajia hesabu aliyoijua kwa miaka yake yote: wiki nne kitaluni, wiki kumi tangu kuhamishia hadi nyanya ya kwanza kupiga rangi, kisha wiki tano za kuchuma. Hizi zilikuwa Tanya, ngozi ngumu, zinazostahimili lori. Hazirefuki sana, na huzaa kwa mkupuo: mchumo wa kwanza kidogo, wa pili na wa tatu ndiyo wenyewe, halafu zinapungua. Robo eka yetu ilibeba miche kama 2,600 kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 50, na ikiwa imetunzwa vizuri ilitupa matenga 6 wiki ya kwanza, 18 ya pili, 26 ya tatu, 19 ya nne na 9 ya tano.

Mashamba hayangepandwa tena kwa pamoja, na Mama ndiye aliyegundua kwa nini yapishane kwa wiki tatu. Niliandika zile namba tano kwenye mstari wa kwanza, nikaziandika tena mstari wa pili zikianza miraba mitatu mbele. Akaniambia nijumlishe kwenda chini. Wiki ya nne 19 za shamba la kwanza zilikutana na 6 za shamba la pili, jumla 25. Wiki ya tano 9 na 18, jumla 27. Wiki ya sita shamba la kwanza limekwisha na la pili liko kileleni, 26. Mkia wa shamba linaloisha ulikuwa unajazia kichwa cha linaloanza. Nakumbuka alivyoligeuza daftari kuelekea kibatari, akaifuata ile mistari kwa kidole, akasema, "Basi huyu mama wa Dar atakuwa na chakula."

Aprili 2009 tukaanza. Kitalu cha kwanza tulikisia wiki ya pili ya mwezi, cha pili wiki tatu baadaye, cha tatu wiki tatu tena, na cha nne hivyo hivyo. Tuta lilikuwa na upana wa mita moja ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Mistari ilichorwa kwa kijiti, sentimita 15 kutoka mmoja hadi mwingine, mbegu ikaenda chini kiasi cha ncha ya kidole, udongo juu, kisha nyasi kavu. Nyasi ziliondolewa siku tulipoona shingo za kwanza zikipinda kutoka ardhini. Ukichelewa siku mbili, miche inatoka mirefu na myeupe kama mizizi.

Kitalu cha kwanza kilikwenda kama daftari lilivyosema. Cha pili ndicho kilichonifundisha. Ilikuwa mwishoni mwa Mei, baridi imeanza, na mimi kwa bidii ya kitoto nilikuwa namwagilia asubuhi na jioni kama nilivyozoea. Asubuhi moja nikakuta miche imelala kwa duara, kama mtu ameiwekea sahani. Nilipoiinua, majani bado yalikuwa ya kijani, lakini shina lilikuwa limesinyaa pale pale usawa wa udongo, jembamba kama limebanwa na uzi. Hicho ni kinyausi. Ugonjwa unakaa kwenye udongo, na unapenda unyevu usiokauka na miche iliyosongamana. Mama aling'oa ile iliyolala pamoja na iliyoizunguka, akapunguza iliyobana, akanikataza kumwagilia jioni. Tulipoteza kama mche mmoja katika kila mitano. Tulifidia kutoka tuta dogo la akiba, na tangu hapo hatujawahi kusia bila akiba.

Kinyausi kilikuwa jambo la siku chache. Kosa lililokuwa kubwa zaidi lilikuwa limekaa ndani ya daftari na hatukuliona.

Ilula iko juu, na Juni na Julai usiku ni wa blanketi mbili. Nyanya haifi kwa baridi hiyo, lakini inasimama. Miche ya kitalu cha pili haikufikisha majani matano kwa wiki nne, ikachukua tano. Shambani ikakaa na rangi ya zambarau chini ya majani, haiendi mbele. Ilipotoa maua, mengi yalidondoka: unagusa tawi, ua linaachia pale kwenye kifundo cha kikonyo. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 13 hivi, chavua haifanyi kazi vizuri, na ua lisilotunga halina sababu ya kubaki. Shamba la kwanza lilichukua wiki 15 tangu mbegu hadi mchumo, la pili 17. La tatu likakutana na Agosti inayopata joto, likachukua 16, na la nne 15 tu.

Weka hizo kwenye miraba uone. Tulisia wiki ya 1, ya 4, ya 7 na ya 10. Tukachuma kwa mara ya kwanza wiki ya 16, ya 21, ya 23 na ya 25. Tulisia kwa nafasi sawa, lakini sokoni pengo la kwanza lilikuwa wiki tano na yaliyofuata wiki mbili mbili. Wiki ya 21 shamba la kwanza lilikuwa limekwisha na la pili ndiyo kwanza linapiga rangi. Lori lilisimama, yule mama akashuka, tukamwonyesha matenga 6. Aliyachukua, akalipa, hakulalamika, na hilo ndilo lililomuuma Mama zaidi. Wiki nne baadaye mashamba matatu yalikuwa yanachumwa kwa pamoja, matenga zaidi ya 40, na yeye alikuwa na nafasi ya 25 tu. Yaliyobaki tuliyakalisha barabarani na kuyaachia kwa bei ya jioni.

Baba alisema turudi kupanda mara moja, angalau kazi iwe moja. Mama alikataa. Alikuwa ameandika tarehe za kweli juu ya zile nilizokadiria, kwa kalamu nyekundu, na aliona kitu ambacho mimi mwenye hesabu za shule sikukiona. "Mwanangu," aliniambia, "tulianza kuhesabu upande wa mbegu. Tuanzie upande wa lori, turudi nyuma."

Kwa hiyo mwaka 2010 tuliandika M kwanza. Michumo ya kwanza iwe wiki ya 16, 19, 22 na 25. Kisha kila mstari tukarudi kinyumenyume, tukitoa wiki nyingi pale shamba litakapolala baridini na chache pale litakapokutana na joto. Shamba la pili lilihitaji wiki 16, likasiwa wiki ya 3. La tatu lilihitaji 17, likasiwa wiki ya 5. La nne lilihitaji 15, likasiwa wiki ya 10. Ili soko lipate wiki tatu tatu, kitaluni tulisia kwa nafasi ya wiki mbili, mbili, halafu tano. Baba alipita kwenye vitalu mwezi Mei akaona viwili vimekaribiana mno kwa umri, akauliza kama tumesahau. Mama akamwambia asubiri Agosti.

Wiki ya 19 tulitoa matenga 24. Ya 20, matenga 28. Ya 21, tukakosa kidogo, 22, kwa sababu ukungu wa asubuhi tatu mfululizo ulichelewesha rangi. Yule mama wa Ilala alikuwa sasa anapiga simu siku ya Jumatatu kuuliza idadi, na Mama alijibu akiwa amelishika daftari. Hatukupata bei ya juu kabisa wala ya chini kabisa. Tulipata bei ya kila wiki, na Oktoba ilipofika fedha ya mbolea ya msimu uliofuata ilikuwa tayari imenunua mbolea.

Mpango huu una udhaifu mmoja. Ukiwa na mashamba manne ya umri tofauti, kuna nyanya bondeni kwa miezi saba bila kukatika, na kila shamba linalozeeka ni jirani wa shamba changa. Bakajani ilitufundisha hilo kidogo kidogo. Kantangaze, aliyeingia nchini mwaka 2014, alitufundisha kwa mara moja. Mdudu huyu anakula nyama ya jani na kuacha ngozi, ukiliinua juani unaona madirisha meupe. Nondo wake alitoka kwenye shamba la kwanza, ambalo tulikuwa tumeliacha limesimama baada ya mchumo wa mwisho tukitumaini ndoo mbili za nyumbani, akaingia la tatu likiwa na maua.

Siku hizi kazi ya asubuhi inaanzia shamba changa na kumalizikia kuukuu, ili nguo na mikono isibebe kitu kurudi nyuma. Na kwenye daftari, ambalo sasa ni la nane, Mama ameongeza herufi ya nne. Baada ya M ya tano katika kila mstari kuna N, ng'oa. Siku ya mchumo wa mwisho, kabla lori halijaondoka, tunakuwa tumeshaanza kuvuta miti na mashina kuelekea shimoni, pamoja na nyanya za kijani zilizobaki.