Maji Meupe, Chumvi Bado Imo

Wanachuo wenzangu, ukipangiwa Kemia kwenye mazoezi ya kufundisha, unaweza kukutana na mada ya kutenganisha michanganyiko. Kwenye daftari ni maneno matatu tu: mimina, chuja, vukiza. Mwanafunzi anayakariri, anapata alama zake, maisha yanaendelea. Lakini hebu muulize hivi: maji ya chumvi yenye tope yakishachujwa yakawa meupe, chumvi imebaki wapi? Kwenye jibu lake ndipo utajua somo limeingia au limeandikwa tu.

Mimi fildi yangu niliifanya kwenye shule moja ya kutwa mkoani Kigoma. Maabara ilikuwa chumba chenye meza na kabati, vifaa hakuna. Nikaomba vipindi viwili vinavyofuatana, dakika 80, nikakusanya vitu vya mtaani: chupa za plastiki za maji zilizokatwa, kanga kuukuu, pamba, sufuria dogo, jiko la mkaa, na mizani ya kidijitali niliyoazimwa na mama mmoja anayeoka keki. Hiyo mizani ndiyo iliyobeba somo zima, na nitaeleza kwa nini.

Mchanganyiko wetu ulikuwa hivi: maji ya bomba mililita 200, chumvi ya mezani gramu 30, na vijiko vitatu vya chakula vya udongo mwekundu wa pale pale uwanjani. Pembeni tukaandaa chupa ya pili yenye maji na udongo uleule, ila bila chumvi. Tukatikisa zote mbili kwa pamoja, tukaziweka dirishani.

Kabla ya kugusa chochote nikawapigisha kura. Tukichuja chupa yenye chumvi, maji yatakayotoka yatakuwa na chumvi au hayatakuwa nayo? Zaidi ya nusu ya darasa wakasema hayatakuwa nayo. Kijana mmoja wa dawati la mbele akatetea hoja: "Madamu, yakishachujwa si yanakuwa safi? Sasa yakiwa safi chumvi itakaaje humo?"

Ukiisikiliza vizuri, hoja hiyo haina ujinga wowote. Neno "safi" kwa Kiswahili chetu linabeba mizigo miwili: kitu kisicho na uchafu wa kuonekana, na kitu kisichochanganyika na kingine. Maneno ya Kiingereza ya mtaala niliyaandika ubaoni kama inavyotakiwa, lakini ubishi wote ulikuwa wa Kiswahili, kwa hiyo na jibu ilibidi lipatikane kwa Kiswahili. Nikalifuta neno "safi" kwa muda. Nikawaambia leo tutasema "meupe" kwa macho, na "yana kitu" au "hayana kitu" kwa ushahidi.

Tukarudi dirishani. Hapo kukawa na jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Chupa yenye chumvi ilikuwa imeanza kung'aa juu, tope limeshuka chini kama uji mzito. Ile isiyo na chumvi ilikuwa bado nyekundu vilevile. Sababu yake ni nzuri kuijua. Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno na zina chaji hasi, hivyo zinasukumana na kuelea muda mrefu. Chumvi ikiyeyuka inatoa ioni za sodiamu zenye chaji chanya, zinaupunguza ule msukumano, chembe zinashikana mafungu mafungu na kuzama. Watu wanaotia shabu kwenye ndoo ya maji ya mto wanatumia njia ya jamaa hiyohiyo. Kwa hiyo ukiandaa somo hili na tope lako likagoma kutuama, usilaumu udongo. Ongeza subira, au anza na chumvi kabla ya udongo.

Kumimina ndiyo hatua ambayo wanafunzi huidharau, kumbe ndiyo inayookoa muda. Unainamisha chupa polepole, unaegemeza kijiti mdomoni ili maji yateremke bila kurusha, na unaacha pale tope linapoanza kusogea. Ukitamani tone la mwisho, umerudisha tope lote. Hatua hii inatenganisha kwa uzito tu: kilichozama kinabaki.

Kuchuja kunafuata, kwa ajili ya chembe zilizogoma kuzama. Tulikunja kanga mara nne, tukaweka pamba chini yake kwenye shingo ya chupa iliyogeuzwa. Kuna mambo mawili ya kuangalia. Maji yasipite juu ya ukingo wa kitambaa, maana yakipita pembeni hayajachujwa. Pili, usikoroge ili yashuke haraka, utasukuma chembe zipenye. Kama maji ya mwanzo yametoka na ukungu, yarudishe juu ya kitambaa hichohicho. Tope lililonasa linaziba matundu makubwa na mchujo wa pili unakuwa bora kuliko wa kwanza.

Maji yakatoka meupe. Darasa likashangilia, na yule kijana wa mbele akaanza kutabasamu kabla ya wakati.

Kuonja hakuruhusiwi, hata kama ni chumvi ya jikoni. Mkiwazoesha kuonja leo, kesho wataonja kisichoonjwa. Tukatumia tone. Tone moja la maji yetu kwenye kijiko, na tone moja la maji yaliyochujwa kutoka chupa isiyo na chumvi kwenye kijiko kingine, vyote juu ya jiko. Kijiko cha pili kikabaki na alama hafifu, kwa sababu hata maji ya bomba yana madini kidogo. Cha kwanza kikaota ukoko mweupe ambao hata wa nyuma waliuona. Tabasamu likahama upande.

Sasa ndipo unaweza kueleza nao wakasikia. Kitambaa ni mlango wenye matundu. Kinazuia kinachozidi tundu. Chembe ya udongo inazuiwa, hasa zikiwa zimeshikana mafungu. Chumvi iliyoyeyuka si punje tena, imesambaratika kuwa ioni zilizozungukwa na maji, ndogo mara maelfu kuliko tundu lolote la kanga au hata karatasi ya maabara. Hapo hakuna mchujo wa kawaida utakaoisaidia. Lazima uyaondoe maji yenyewe, na hilo ndilo kazi ya kuvukiza.

Tukamimina maji yetu sufuriani. Moto uwe wa wastani, na macho yasitoke pale. Maji yakipungua, punje zikianza kujaa, chumvi inaanza kuruka kwa milio midogo, na kila kinachoruka ni chumvi iliyopotea, mbali na kuunguza macho ya mtu. Dalili hiyo ukiisikia tu, epua. Joto la sufuria linamalizia. Dada mmoja aliuliza mbona punje zetu ni ndogo kama unga. Ni kwa sababu tuliharakisha. Maji yale yale ukiyaacha juani kwenye sahani siku kadhaa, yanatoa punje kubwa zenye pembe za mraba.

Ndipo mizani ikaingia kazini. Tuliweka gramu 30. Tumepata gramu 22. Nane zimekwenda wapi?

"Zimepaa na mvuke," wakasema wengi. Dai zuri, na linapimika. Kulikuwa na maji ya chumvi kidogo tuliyobakiza, tukayachemsha na kushika mfuniko wa baridi juu ya mvuke, tukakusanya matone yaliyoganda chini yake, tukayakausha kwenye kijiko kisafi. Hakuna ukoko. Mvuke ni maji matupu. Chumvi haipandi naye. Na bila kupanga, darasa likawa limeona jinsi kunereka kunavyofanya kazi.

Basi nikawauliza: tuliweka maji mililita 200, zilizofika sufuriani ni ngapi? Walikuwa wamepima: 150. Nyingine 50 ziko wapi? Kimya kidogo, halafu sauti kutoka dirishani: "Ziko kwenye tope, madamu. Na kwenye kanga." Hesabu ikajiandika yenyewe. Robo ya maji imebaki kwenye tope, kwa hiyo robo ya chumvi imebaki nayo: gramu 7.5. Iliyobaki, nusu gramu hivi, iliganda kwenye sufuria. Kipindi kilichofuata tulitia mililita 50 za maji kwenye lile tope, tukatikisa, tukaacha litulie, tukamimina 50 nyingine, tukachuja na kuvukiza. Zikatoka gramu tatu na ushee. Hesabu ilikuwa imetabiri 3.75. Suuza tena, utapata nusu ya iliyobaki, kisha nusu ya hiyo. Hutamaliza yote kamwe, na kila suuza inakudai mkaa zaidi.

Hilo la mkaa lilimkumbusha binti mmoja kwao Uvinza, ambako chemchemi za maji ya chumvi zimechemshwa kupata chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Akauliza kwa nini huko walikata kuni zote hizo wakati Pwani wanaliachia jua. Tukapiga hesabu ya baharini: lita moja ina chumvi gramu 35 hivi, kwa hiyo kilo moja ya chumvi inadai uondoe maji karibu lita 30. Bagamoyo na Lindi kuna mashamba mapana ya chumvi na jua la bure. Kwenye chemchemi iliyo kando ya mto, msimu wa mvua ukija, jua halikungoji.

Lakini swali lililonikaa mpaka leo liliulizwa wakati tunakusanya vyombo. Nyuma ya darasa palikuwa na ndoo ya maji ya kunywa, mdomo wake umefungwa kanga. Yule kijana wa mbele aliiangalia ndoo, akaangalia kanga yetu yenye tope, akaniuliza taratibu: "Kwa hiyo, madamu, na vijidudu vya kipindupindu vinapita kama chumvi?"

Nikamjibu kwamba kijidudu ni kikubwa sana kuliko chumvi iliyoyeyuka, ila kwa kanga bado ni kidogo na kinapita. Tofauti ni kwamba chumvi ukiichemsha inabaki, kijidudu ukikichemsha kinakufa. Kuchuja kwanza kuna faida yake, kunatoa tope, halafu maji yachemke mpaka yatokote, ndipo yanywewe.

Ndipo tukalirudisha lile neno tulilolifuta. Kwenye kona ya ubao, badala ya "safi", wakaandika mawili: "meupe" na "salama". Jumatatu iliyofuata kanga ilikuwa bado ipo kwenye ndoo, na zamu ya kuchemsha maji ilikuwa imebandikwa mlangoni kwa mwandiko wa mwanafunzi.