Utepe wa kibodi ya dada, na ule wa printa nilioharibu

Nimekuwa kimya hapa kwa majuma kadhaa na wengine mmeniuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Nilikuwa Mambrui kwa dada yangu, na kazi iliyonishika huko haikuwa ya kuandika programu. Ilikuwa ya utepe mwembamba kama karatasi, ule unaotoka kwenye kibodi ya laptopu na kuingia kwenye mazabodi.

Dada ana kibanda cha kuchapa na kutoa kopi. Watu humjia awajazie fomu za eCitizen, awapigie chapa barua za kuomba kazi, awatolee kopi za vitambulisho. Laptopu moja, printa moja, basi. Siku niliyofika alinionyesha barua aliyokuwa akiichapa. Badala ya "Mambrui" ilisomeka "Mmbrui", na mteja aitwaye Zainabu amekuwa "Inbu". Herufi A, Z na Q zimekufa, na namba 1 nayo imekufa.

"Hebu itazame," akaniambia. "Lakini mdogo wangu, safari hii usinivunjie na hii."

Maneno hayo yaliniuma kwa sababu yana historia. Nitaieleza baadaye kidogo. Tuanze na kibodi.

Mimi ni mtu wa programu, kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi nilifungua kwanza dirisha la amri. Mashine ya dada ina Linux, na nikaandika hivi:

```
cat /proc/bus/input/devices
sudo evtest
```

Amri ya kwanza ilinionyesha `AT Translated Set 2 keyboard`, yaani kibodi ipo. Hapa wengi hudanganyika! Kwenye laptopu nyingi jina hilo halitoki kwenye kibodi yenyewe. Linatoka kwa kidhibiti kidogo kilicho kwenye mazabodi, ambacho kazi yake ni kuzungukia nyaya za kibodi na kuuliza ni kitufe gani kimebonyezwa. Unaweza kuchomoa utepe wa kibodi kabisa, na jina litaendelea kuonekana. Kwa hiyo "mashine inaiona kibodi" haimaanishi kwamba utepe ni mzima.

Amri ya pili ndiyo iliyosema kweli. Unabonyeza kitufe kimoja kimoja na kuangalia kama kinaandika kitu, kwa mfano `KEY_S`. Nilibonyeza vyote na kuandika kwenye karatasi vilivyonyamaza: 1, Q, A, Z. Ukitazama kibodi utaona vimepangana kama ngazi, kutoka juu kwenda chini. Vitufe vya laptopu haviendi na waya wake kila kimoja. Vimepangwa kwa safu na mistari, na waya mmoja wa utepe huhudumia kundi zima. Vitufe vikifa hapa na pale bila mpangilio, pengine ni maji au uchafu chini ya vitufe. Kundi moja likifa kwa pamoja, waya mmoja haufiki, na mahali pa kwanza pa kutazama ni pale utepe unapoingia kwenye konekta. Nilipomuuliza dada, akasema kibodi ilibadilishwa na fundi miezi michache nyuma. Basi nikajua pa kuanzia.

Sasa ile historia. Miaka kadhaa iliyopita nilikuja likizo nikakuta printa yake inachapa vizuri lakini skana haisogei. Nikafungua kwa kiburi cha kijana aliyetoka mjini. Nikaona utepe mweupe umeingia kwenye konekta ya plastiki, nikaushika katikati, nikauvuta. Ulitoka, lakini umekwanguka meno yote ya upande mmoja na kuchanika pembeni. Sikujua kwamba konekta ile ilikuwa na komeo. Dada alikaa majuma matatu bila kutoa kopi, na wateja wakaenda kwingine.

Basi nisikilize vizuri kuhusu komeo. Kuna aina tatu utakazokutana nazo mara kwa mara.

Aina ya kwanza ni ya kuinua. Ni kijiti chembamba cha plastiki, mara nyingi cheusi au cha kahawia, juu ya konekta nyeupe. Unakiinua kwa ukucha mpaka kisimame kama mlango wa sanduku, na utepe unalegea wenyewe. Angalia sana upande wa bawaba. Kwenye nyingine kijiti kiko upande unaoingia utepe, na kwenye nyingine kiko upande wa pili kabisa, mgongoni. Ukikiinua kwa upande wa bawaba utakivunja.

Aina ya pili ni ya kuteleza, na ndiyo iliyokuwa kwenye printa. Ina masikio mawili madogo, moja kila upande wa konekta. Unayasukuma kidogo kidogo kuelekea utepe unakotokea, mara hili mara lile, mpaka ulimi mzima utoke kama milimita moja. Hautoki wote. Ukilazimisha sikio moja mpaka mwisho huku lingine limeganda, litakatika.

Aina ya tatu haina komeo kabisa. Hii inashika kwa kubana tu, na ndiyo pekee ambayo unaruhusiwa kuvuta. Hata hapo unashika karibu na konekta, kwa vidole viwili, kwenye kile kipande kigumu cha mwisho, na unavuta kwa kunyoosha bila kupinda juu. Kwa hiyo kabla hujavuta chochote, mulika kwa tochi ya simu na utafute rangi mbili za plastiki. Rangi mbili karibu kila mara ni dalili ya komeo.

Nirudi kwenye aibu yangu. Utepe wa printa ukishachanika huwezi kuuunga kwa risasi, plastiki yake inayeyuka. Ilinibidi kununua mwingine, na nilipima hivi. Nilihesabu nyaya: 24. Nikapima kutoka katikati ya waya wa kwanza hadi katikati ya waya wa mwisho: milimita 11.5. Unagawanya kwa nafasi zilizo kati ya nyaya, na nafasi ni 23, si 24. Jibu ni milimita 0.5. Nikaagiza utepe wa nyaya 24, umbali wa 0.5, urefu uleule. Ulipofika ukaingia vizuri, komeo likafunga, na skana haikusogea hata chembe.

Kosa lilikuwa la uso na mgongo. Mwisho wa utepe una uso wenye meno yaliyo wazi, na mgongo wenye kipande kigumu, mara nyingi cha buluu. Ndani ya konekta nako meno yako upande mmoja tu kwa kawaida, ama juu ama chini. Uso wa utepe lazima ukutane na meno ya konekta. Sasa, kuna tepe ambazo nyuso zake mbili zinatazama upande mmoja, na nyingine ambazo uso wa mwisho mmoja unatazama juu na wa mwisho wa pili unatazama chini. Wa zamani ulikuwa wa namna ya kwanza, na mimi nilinunua wa namna ya pili. Upande mmoja meno yalikuwa yanagusa plastiki tupu.

Utasema, si ungeugeuza tu? Hapana. Ukiupindua utepe mwisho mmoja, mpangilio wa nyaya nao unageuka, waya wa kwanza unakwenda mahali pa waya wa 24. Kwenye konekta yenye meno pande zote mbili, umeme unaweza kuingia pasipo pake ukaunguza kitu. Nikaagiza wa tatu, na siku hiyo ndipo dada akaanza kunisamehe.

Haya, turudi kwenye laptopu. Nilizima, nikachomoa chaja, nikatoa betri, kisha nikabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Nikafungua parafujo za chini na kuinua kibodi polepole. Utepe wake ni mfupi, na wengi huuchana hapa hapa kwa kunyanyua kibodi kama kifuniko cha sufuria. Niliilaza kifudifudi juu ya sehemu ya kuwekea viganja, nikapiga picha mbili kabla ya kugusa kitu. Picha ndiyo itakayokukumbusha uso ulikuwa unatazama wapi.

Komeo lilikuwa la kuinua, na lilikuwa limefungwa. Lakini utepe huo una mstari mweupe uliochorwa karibu na mwisho, na mstari huo unatakiwa uwe sambamba na mdomo wa konekta. Kushoto ulikuwa umegusa. Kulia ulikuwa nje kwa karibu milimita moja. Utepe uliingizwa kishoroba, komeo likafungwa juu yake. Kwa miezi kadhaa waya wa pembeni uligusa kwa ncha tu, na ncha ile ikaishiwa nguvu. Hapa Mambrui mabati yenyewe hayadumu kwa upepo wa chumvi, sembuse ncha ya waya.

Niliinua komeo, utepe ukatoka bila kuvutwa. Meno yake ni meusi, na hapa tahadhari: kwenye tepe nyingi za kibodi weusi huo si kutu. Ni kaboni iliyopakwa juu ya wino wa fedha, na ukisugua kwa spiriti au kifutio unaondoa njia yenyewe ya umeme. Nilifuta kwa kitambaa kikavu laini, mara moja. Nikaurudisha kwa mikono miwili, vidole viwili pembeni, nikisukuma pande zote kwa pamoja mpaka mstari mweupe ukalingana kushoto na kulia. Nikafunga komeo kwa kubonyeza kingo zote mbili, kisha nikauvuta utepe kidogo sana kuhakikisha umeshikwa. Sikurudia tena, maana konekta nyingi za namna hii zimetengenezwa kwa kufungwa na kufunguliwa mara 20 au 30 hivi tu.

Kabla ya kurudisha parafujo niliweka betri na kuwasha. `KEY_1`, `KEY_Q`, `KEY_A`, `KEY_Z`. Vyote vikaitika.

Dada alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Akavuta kiti, akaandika "Zainabu, Mambrui" mara tatu, akanitazama.

"Umeivuta?" akauliza.

"Sikuivuta, dada. Ilitoka yenyewe."

Akaniletea chai, kisha akaiwasha printa na kuanza kumtolea Zainabu kopi zake. Mpaka wakati mwingine, wasomaji.