Kwa nini asiransi inamfuata aliyetugonga

Juma lililopita mama jirani aliingia kwangu na barua mkononi. Hakutaka kuketi. «Mwalimu, asiransi yenu ilikwisha kuwalipa. Mbona inatudai sisi? Mnataka kula mara mbili?»

Mume wake ndiye aliyegonga gari letu kwa nyuma, pale Nyawera, hapa Bukavu. Ripoti ya polisi ilisema kosa ni lake. Garaji iliomba dola 1200. Sisi tulilinunua gari kwa mkopo, na benki ilitaka tuchukue asiransi inayolipa hata uharibifu wa gari letu wenyewe. Basi ilitoa dola 1000. Dola 200 ndizo mkataba unatuachia sisi.

Nilimwambia: «Mama, mume wako alikuwa na deni la dola 1200 tangu siku ya ajali. Sisi kulipwa hakukufuta deni hilo. Kumebadilisha tu mwenye kulidai.» Kwa zile 1000, asiransi imekaa mahali petu. Jambo hilo linaitwa subrogasio. Haiwezi kumdai zaidi ya ilichotoa. Kwa zile 200, mdai ni sisi bado. Ukijumlisha, ni 1200 ileile, na hakuna aliyekula mara mbili. Kama deni lingefutwa, mwenye kosa angeondoka bure kwa sababu tu aliyemgonga alikuwa amejilipia asiransi.

Wamama, hapa kuna mtego. Siku mbili baada ya ajali, mume wake alituletea dola 150 na karatasi iliyoandikwa kwamba hatudaiani tena. Bwana wangu alikwisha kushika kalamu, nikamzuia. Kama tungetia sahihi, tungeiharibia asiransi haki ya kumdai, nayo ingeweza kukataa kutulipa au kudai irudishiwe. Usitie sahihi karatasi ya namna hiyo kabla ya kuuliza asiransi yako.

Kisha nikamuuliza mama: «Gari lenu lina asiransi?» Sheria yetu inalazimisha kila gari liwe na ile inayolipa madhara kwa watu wengine. Akasema wanayo, na siku ya ajali ilikuwa haijaisha muda. «Basi barua hii usiifiche chini ya godoro. Ipelekeni upesi kwa asiransi yenu, pamoja na kopi ya ripoti ya polisi. Hiyo ndiyo inapaswa kujibu asiransi yetu, hata kwa zile 200 zetu.» Kama wasingekuwa nayo, au ingekuwa imekwisha muda, deni lote lingetoka mfukoni mwao.

Hapo ndipo aliketi. Kesho yake wote wawili walipeleka barua. Jibu tunalingojea bado, lakini kwenye bomba la maji tunasalimiana tena.