Mtani wangu na usukani

Agosti 2014 tulikuwa watu saba ndani ya Noa, tunatoka Dar es Salaam kwenda Nyamisati kupanda boti ya Mafia. Dereva alikuwa rafiki yetu, Mnyamwezi wa Tabora. Mimi ni Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wangu. Utani wetu ulianza zamani za misafara, wapagazi wa bara walipokuwa wakishuka pwani na mizigo.

Tulipofika Mkuranga, dada mmoja alimwomba apunguze mwendo. Akanuna, akazidi kukanyaga mafuta. Karibu na Kimanzichana akalipita lori kwenye kona, na basi likatutokea mbele. Tuliponea kwenye vumbi la pembeni. Hadi Kibiti hakuna aliyesema neno.

Pale tuliposhuka kunywa chai, yule dada akaninong'oneza: "Wewe ndiye mtani wake. Sema."

Msibani mtani humwigiza marehemu mbele ya wafiwa, wala hakuna wa kumkasirikia. Nikashika njia hiyo. Nikajifunga kanga ya dada, nikasimama kwenye mlango wa gari, nikalia kwanza.

"Jamani wafiwa! Marehemu aliwasha indiketa ya kushoto Mbagala, tumefika nayo Kibiti inawaka, na hiyo kushoto yenyewe hatujaiona! Akipiga hadithi mikono yote miwili ilikuwa hewani, gari analiachia goti. Goti lenyewe halina leseni! Mbuzi wa Kimanzichana wakisikia honi yake wanaagana kabisa. Na lori likimtangulia, alikuwa anaona limemtukana mama yake!"

Watu walicheka mpaka muuza korosho akaweka sinia chini. Dereva mwenyewe alikuwa ameinamia meza, machozi yanamtoka.

Nilisema yale tu ambayo wote saba tuliyaona kwa macho. Umbo lake, mkewe na mfuko wake sikuvigusa, maana hapo angepata sababu ya kukasirika na lile la kona lisingesikika. Nilianza na indiketa kwa sababu haimuumizi mtu. Aliyekwisha kucheka mara tatu hanuni kirahisi mara ya nne. Kona nikaiweka mwisho, na hiyo sikuitia chumvi. Nilivua kanga, nikaitaja kama ilivyokuwa: lori, kona, basi, na dada aliyefumba macho akitaja majina ya wanawe.

Kicheko kikakatika. Dereva akanitazama kwa muda.

"Mtani, umenizika mzima," akasema. Akatoa pesa, akatununulia korosho wote. Ndiyo faini ya utani. Akishalipa, neno limepokelewa.

Kutoka Kibiti tulirudi nyuma hadi Bungu, tukaingia njia ya vumbi ya kwenda Nyamisati. Mbele yetu kulikuwa na lori la nazi linalojikokota. Alilifuata taratibu, mikono yote miwili kwenye usukani, mpaka tukaiona mikoko. Hakulipita.