Jasho la Glasi na Jasho la Mtungi

Mpenzi msomaji, hebu nikuulize swali dogo kabla hujafungua ukurasa mwingine. Ukimimina maji baridi yenye vipande vya barafu ndani ya glasi, ukaiweka mezani, baada ya dakika chache glasi hiyo hulowa kwa nje. Je, maji hayo ya nje yametoka wapi?

Usicheke. Swali hilo lilinivurugia nyumba yangu hapa Malindi wiki nzima.

Binti yangu alirudi na karatasi ya mazoezi ya sayansi kuhusu hali tatu za maada, yaani yabisi, kiowevu na gesi. Maswali ya mwanzo yalikuwa mepesi kama maji ya kunywa. Barafu ni yabisi, maji ni kiowevu, mvuke ni gesi. Alipofika swali la saba, ndilo hilo la glasi, mimi nilikuwa kazini. Aliyekuwa nyumbani ni mama yangu mzazi, aliyekuja kututembelea kutoka Mambrui. Mtoto akamwuliza nyanya yake, naye nyanya akajibu bila kusita, "Yamepenya kutoka ndani, mjukuu wangu. Hujauona mtungi unavyotoa jasho?"

Mtoto akaandika hivyo. Karatasi ikarudi na alama nyekundu ya mkasi, kubwa. Jioni hiyo binti yangu aliitupa karatasi mezani na kusema mbele ya mamangu, "Nyanya amenikosesha!" Mama hakujibu. Alitazama chini, akachukua kanga yake, akaenda zake barazani. Tangu siku hiyo mtoto akawa hamwulizi nyanya yake jambo lolote la shule, na mama naye akaanza kuulizia magari ya kurudi Mambrui.

Kumgombeza mtoto kungekuwa rahisi. Lakini nilijua kwamba jibu lile lilikuwa na kosa kweli, na pia lilikuwa na ukweli ndani yake. Jumamosi asubuhi nikawaita wote wawili jikoni tufanye jaribio. Nawe waweza kulifanya na wanao, kwani halihitaji jiko wala kiberiti. Nilichagua njia ya barafu makusudi. Mvuke wa maji yanayochemka huunguza vibaya, na mtoto akifunua sufuria hauoni ukimjia, kwa sababu mvuke wenyewe hauna rangi. Lile wingu jeupe tunaloliona juu ya sufuria ni matone madogo ya maji, si gesi tena.

Vifaa vyetu vilikuwa glasi mbili zinazofanana, kijungu kidogo cha udongo kisichopakwa rangi, jagi, chumvi, vipande vya barafu, kitambaa kikavu na rangi nyekundu ya chakula iliyobaki tulipopika mabuyu. Kama huna friji, barafu ya mfuko kutoka dukani yatosha. Kwa watoto wadogo tumia vikombe vya plastiki vinavyopitisha mwanga badala ya glasi, na weka kila kitu juu ya sinia ili maji yasimwagike sakafuni mtu akateleza.

Tulitia maji safi ya kunywa ndani ya jagi, mililita 600, tukaongeza vijiko vitatu vya chai vya chumvi na matone machache ya ile rangi. Kijiko kimoja cha chai ni kama gramu 6 za chumvi, kwa hiyo maji yetu yalikaribia ukali wa maji ya bahari, ambayo huwa na gramu 35 hivi katika kila lita. Tukayagawa sawa katika vyombo vitatu, bila kukijaza chombo chochote hadi ukingoni. Glasi ya kwanza tukaitia barafu. Ya pili hatukuitia, wala kijungu hatukukitia.

Umeona hila yenyewe? Maji ya ndani tumeyawekea alama mbili, rangi na chumvi. Yakipenya hadi nje, ulimi utayatambua.

Jaribio la kwanza lilituaibisha. Binti yangu alikoroga barafu kwa pupa, maji yakaruka, na alipogusa matone ya nje kwa kidole safi na kuonja, akakunja uso. Yalikuwa ya chumvi! Mama akapiga makofi. "Si niliwaambia?" Nami nilianza kutoka jasho langu mwenyewe. Lakini nilipotazama vizuri, niliona matone yale yalikuwa karibu na ukingo tu, nayo yalikuwa mekundu. Kumbe ni maji yaliyomwagika. Basi ukiona matone yenye rangi juu ya glasi na chini pakavu, jua umemwaga. Tukaisuuza glasi ile, tukaifuta hadi ikauka kabisa, tukaanza upya. Safari hii barafu ilitiwa taratibu kwa kijiko, bila kukorogwa.

Hata dakika tano hazikupita kabla glasi ya barafu kuanza kuwa na ukungu. Ukungu ukawa matone, na matone yakaanza kuteremka. Yalikuwa meupe, bila hata chembe ya wekundu. Mtoto akaonja, kisha nyanya akaonja. Hayakuwa na chumvi kamwe. Na ile glasi ya pili, yenye maji yale yale lakini bila barafu? Ilikuwa kavu kama ilivyowekwa. Kama glasi ingekuwa inavuja, basi na hiyo nayo ingelowa.

Yametoka wapi basi? Yametoka hewani, katika hewa ile ile tuliyokuwa tukiivuta.

Hapa ndipo gesi inapoingia. Katika barafu, chembe za maji zimeshikana, kila moja mahali pake. Katika maji zinagusana lakini zinateleza. Katika mvuke zimeachana na kuruka huku na huko, tena ni ndogo mno hata jicho halizioni. Chembe hizo zinazoruka zinapoigusa glasi ya baridi hupoteza kasi, zikashikana tena, zikawa tone. Glasi haikutoa kitu. Ilipokea.

Binti yangu hakuamini kwamba hewa ya jikoni ina maji ya kutosha. Tukapiga hesabu. Hewa yenye joto la nyuzi 30 inaweza kubeba mpaka gramu 30 hivi za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Siku ya unyevu hapa pwani, tuseme imejaa robo tatu, yaani gramu 22 hivi. Chumba cha mita tatu kwa tatu, chenye kimo cha mita tatu, kina mita za ujazo 27. Zidisha, utapata takriban gramu 600. Hiyo ni zaidi ya nusu lita ya maji yanayoelea chumbani bila kuonekana! Hewa inayoigusa barafu, kwenye nyuzi sifuri, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 5 hivi kwa mita ya ujazo. Kinachozidi hakina budi kutua.

Ndiyo sababu jaribio hili halitoi matokeo sawa kila mahali. Msomaji wa Nairobi akilifanya mwezi wa kiangazi, au katika ofisi yenye kiyoyozi, glasi yake itatoka jasho kidogo kuliko yangu ya Malindi. Asidhani amekosea. Hewa yake ni kavu zaidi.

Mama alisikiliza yote hayo kimya. Kisha akasema, "Haya. Na kijungu je?"

Tulikuwa tumekisahau. Tulikiacha mpaka alasiri, na tulipokigusa ubavu wake ulikuwa na unyevunyevu, ingawa hakikutiwa barafu hata kipande. Rangi haikuonekana vizuri juu ya udongo mwekundu, lakini ulimi haudanganyiki. Binti yangu alionja kidole chake, akamtazama nyanya yake, akasema polepole, "Hiki kina chumvi."

Naam! Udongo uliochomwa bila kupakwa vigae una vitundu vidogo, na maji hupenya kupitia vitundu hivyo mpaka nje. Huko nje hugeuka mvuke na kwenda zake hewani, na kila chembe inayoondoka huchukua joto kutoka kwa mtungi. Ndiyo maana maji ya mtungini huwa baridi bila umeme. Glasi hulowa kwa sababu ni baridi, lakini mtungi huwa baridi kwa sababu umelowa. Katika glasi gesi inageuka kiowevu, na katika mtungi kiowevu kinageuka gesi. Kwa macho ni unyevu ule ule, kumbe safari zenyewe zinapishana njiani. Na hata hali ya hewa huvigawa, kwani hewa yenye unyevu mwingi huifanya glasi itoke jasho zaidi, lakini huuzuia mtungi usipoe vizuri.

Siku nne baadaye kijungu kilikuwa na utando mweupe kwa nje. Maji yaliondoka, chumvi ikabaki, kwa sababu chumvi haigeuki mvuke kwa joto letu hili. Mama aliukwaruza kwa ukucha akacheka. "Hii ndiyo Gongoni," akasema. Ukivuka mto Sabaki, ukapita Mambrui kuelekea Gongoni na Marereni, utayakuta mashamba ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana yenye kina kifupi, jua na upepo huyachukua maji, na chumvi hubaki chini ikikusanywa. Maji hayo hayachemshwi hata mara moja. Mama ameyaona mashamba hayo miaka mingi, na alilitambua jambo lile kwenye kijungu kabla yangu mimi niliyesoma hadi chuo.

Usiku huo binti yangu aliitoa karatasi yake, na chini ya ule mkasi mwekundu akaandika kwa kalamu ya risasi: "Ya glasi yanatoka hewani. Ya mtungi yanatoka ndani. Nyanya alikuwa anasema juu ya mtungi." Kisha akaenda barazani kumsomea.

Mama bado yuko nasi. Amesema atarudi Mambrui mwisho wa mwezi, lakini kwanza mjukuu wake ana swali lingine analotaka kumwuliza: kwa nini chumvi ya mezani hushikamana na kuwa mabonge wakati wa mvua, hali hakuna aliyeimwagia maji? Nawe msomaji, jaribu kulijibu na wanao kabla ya Jumapili ijayo. Kidokezo ni kimoja tu, angalieni tena ile nusu lita iliyo chumbani mwenu.